Kabla ya pesti, anza na vumbi

PS4 ikianza kuunguruma kama mashine ya kusaga, mtaani utaambiwa pesti, ule uji unaopakwa juu ya chipu ili joto lihamie kwenye chuma cha kupozea, imekauka, ibadilishwe. Mimi nabisha. Mara nyingi kosa ni la vumbi, na pesti inasingiziwa tu.

Yangu ni ile ya kwanza kabisa, toleo la 2013, na niliinunua mkononi mwa mtu, kwa hiyo sikuwa na waranti ya kupoteza. Wewe kama bado unayo, kwanza angalia skrubu za nyuma: baadhi zimefunikwa kwa vibandiko, na ukivibandua, muuzaji ana sababu ya kukugeuzia mgongo. Mashine ya miezi mitatu irudishe dukani ikiwa bado imefungwa.

Nilichomoa umeme, nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ya nyota yenye tundu katikati. Feni ilikuwa na manyoya kama paka. Lakini vumbi baya halikuwa hapo. Lilikuwa kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto, na hayo yamejificha chini ya pawasaplai. Pawasaplai hunyanyuliwa wima, taratibu, kwa sababu ina waya mfupi uliochomekwa kwenye bodi. Ukiinyakua, waya huo unaweza kung'oka na soketi yake. Na ukipuliza feni, shika panga kwa kidole. Upepo mkali ukiizungusha ovyo, beringi zinaumia.

Kelele ikaisha. Ingeishia hapo ningefurahi, ila baada ya miezi kadhaa ilirudi, na safari hii mapezi yalikuwa masafi na feni ilipiga kelele hata nikiwa kwenye menyu tu, bila gemu. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kwamba sasa ni pesti.

Kazi hii ni ya kiwango kingine, maana bodi nzima inatoka. Pesti ya zamani ilikuwa ngumu kama ukoko wa ugali. Usiikwangue kwa kisu: chipu iko wazi, na pembeni yake kuna vijisehemu vidogo kuliko punje ya mchele, kimoja kikichomoka mashine imekufa. Niliilowesha kwa spiriti kali, nikaifuta kwa kitambaa laini, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya kunde. Skrubu za kibano nilizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, ili chuma kikae sawa.

Mpwa wangu aliposikia, akaniletea PS5 yake. "Mjomba, na hii uibadilishie pesti." Nilikataa. Ndani ya PS5 hakuna pesti, kuna metali ya majimaji inayopitisha umeme. Tone moja likidondokea kwenye bodi ni shoti. Nilivua vifuniko vya pembeni, nikavuta vumbi kwenye matundu yaliyowekwa kwa kazi hiyo, nikamrudishia.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

Ndiyo hivyo tu.