Pengo la Bei: Ujira au Kutukamua?

"Nilinunua hisa nikaziuza dakika ileile, bei haijasogea, na bado nimepoteza. Hela imekwenda wapi?"

Imekwenda kwa mtengeneza soko. Kazi yake haina tofauti kubwa na ya duka la kubadilishia fedha, lenye bei mbili ubaoni. Tuseme ananunua hisa kwa dola 20.00 na kuuza kwa 20.05; hizo senti tano katikati ndizo pengo. Ukichukua hisa 100 ukamrudishia papo hapo, umemwachia dola 5.

Wengi huishia hapo na kumwita kupe. Ila huwa hajui anayemuuzia anajua nini. Akishanunua hisa 1,000 kwa dola 20.00, kisha habari mbaya ikatoka na bei ikaangukia 19.70, amepoteza dola 300. Kuzirudisha senti tano tano, itabidi anunue na kuuza hisa 6,000. Ndiyo maana mzigo ukianza kumlemea anashusha bei zote mbili, mathalani 19.97 na 20.02, ili wauzaji wapungue na wanunuzi waje. Bei inateremka ngazi kwa ngazi badala ya kuporomoka. Si hisani, anajilinda tu, lakini soko linatulia.

Hata hivyo, si kila senti ya pengo ni ujira wa hatari hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1990, bei za Nasdaq, soko la hisa la Marekani, zilipangwa kwa sehemu za nane za dola. Mwaka 1994 watafiti William Christie na Paul Schultz walichunguza hisa 100 zilizouzwa sana huko, wakakuta kwamba katika 70 kati yake watengeneza soko karibu hawatumii kabisa namba witiri za hizo sehemu za nane. Pengo likawa halishuki chini ya robo dola. Magazeti yalipoiandika habari hiyo mwezi Mei, pengo la Microsoft, Cisco na Amgen lilipungua karibu nusu ndani ya siku chache. Hatari ya biashara haipungui hivyo kwa sababu ya gazeti.

Je, pengo jembamba ndilo jema siku zote? Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilipoporomoka, watengeneza soko wengi walijiondoa. Wengine waliacha bei ya senti 1, alimradi sharti la kuwa na bei limetimizwa. Hisa za Accenture, za takriban dola 40, zikauzwa kwa senti 1. Mauzo hayo yalifutwa baadaye, na bei za geresha kama hizo zikapigwa marufuku mwaka huohuo. Kwangu mimi, kabla ya kusifu pengo, ni vizuri kuuliza ni hisa ngapi ziko nyuma ya bei hiyo, na nani analazimika kubaki mambo yakichafuka.

Unaweza kukwepa kulilipa pengo kwa kuweka agizo lenye kikomo cha bei na kusubiri. Ila hapo umeingia viatu vyake: utauziwa upesi zaidi siku ambayo bei inaanguka.