Simu ya kupokea meseji ikae mezani, pembeni ya QR

Shangazi yangu anauza dagaa na mawese katika soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Siku alipobandika msimbo wa QR kwenye nguzo ya meza yake nilifurahi kuliko yeye mwenyewe, maana mimi ndiye niliyemsumbua muda mrefu ajiunge na Lipa Namba. Haikupita miezi mingi tukapoteza shilingi 16,200 kwa mteja mmoja, na katika kisa hicho hapakuwa na tapeli hata mmoja. Naandika kwa sababu nikizunguka sokoni naona meza nyingi zimejipanga vilevile kama yetu ilivyokuwa siku ile.

Asubuhi hiyo shangazi alikuwa ameshuka mwaloni Kibirizi kufuata mzigo, kama afanyavyo karibu kila siku, kwani ukichelewa huko unakuta dagaa wakavu wazuri wameshachukuliwa. Mezani alibaki binti anayemsaidia. Akaja mteja, akapimiwa dagaa wa shilingi 18,000, akaelekeza kamera kwenye QR, akaandika kiasi, akaweka namba ya siri, kisha akamgeuzia binti kioo cha simu yake: "Tayari, dada." Binti akaona meseji ya malipo, akaona jina la biashara yetu, akafunga mfuko. Jioni tulipokaa kupiga hesabu tukakuta muamala wa saa ile ni wa shilingi 1,800. Mteja aliacha sifuri moja. Meseji ilikuwa ya kweli na jina lilikuwa sahihi, na mpaka leo siamini kwamba alikusudia.

Shangazi alimlaumu binti kwa kutosoma vizuri. Mimi naona kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, na ili ulione inabidi ujue kilichomo ndani ya ule mchoro.

QR inayobandikwa mezani ni maandishi yaliyochorwa kwa vidoto vyeusi na vyeupe. Tanzania tuna kiwango kimoja cha taifa cha misimbo hii, TANQR, kilichowekwa na Benki Kuu ili mchoro mmoja uweze kusomwa na mitandao na benki tofauti. Kimejengwa juu ya mpangilio wa kimataifa wa EMV. Ukiyasoma maandishi yake unakuta vipande vya namna hii (jina hapa ni la mfano):

```
010211
5303834
5802TZ
5910DAGAA BORA
6006KIGOMA
```

Kila kipande kinaanza na tarakimu mbili za kukitambulisha, halafu mbili za kusema kina herufi ngapi, ndipo taarifa yenyewe inafuata. Kwa hiyo 59 ni jina la biashara, 10 ni idadi ya herufi pamoja na nafasi, kisha DAGAA BORA. Hiyo 834 ni namba ya kimataifa ya shilingi ya Tanzania. Kipande cha kwanza, kinachoishia na 11, kinasema mchoro huu ni wa kudumu, yaani ule ule kwa kila mteja. Kiasi cha pesa kina kipande chake, namba 54, na kwenye bango la mezani kwa kawaida hakimo. Kingewezaje kuwemo, wakati huyu ananunua dagaa wa elfu mbili na yule mawese ya elfu kumi? Kiasi anakiandika mteja kwa kidole chake. QR inamwondolea mteja kosa la kupiga namba ya duka jingine, na hilo ni jambo kubwa, lakini kosa la sifuri inaliacha palepale lilipokuwa.

Ipo aina nyingine ambayo muuzaji anaandika kiasi kwanza kwenye simu yake, na mchoro mpya unatokea kwa ajili ya mteja huyo mmoja. Hapo 54 inakuwemo, kwa mfano `540518000`, na mteja anabaki kuthibitisha tu. Ni njia nzuri kwa duka lenye kaunta. Kwa mtu mwenye mikono ya mawese na wateja wanne wamemsimamia, sioni kama itadumu hata wiki.

Kinachobaki ni meseji ya kupokea. Siku ile ilifika ndani ya muda mfupi, sawasawa kabisa, ikiwa na 1,800 yake. Ila ilifika Kibirizi, mfukoni mwa shangazi, katikati ya kelele za wapakuaji. Bango lilikuwa Mwanga na laini iliyosajiliwa kwa Lipa Namba ilikuwa mwaloni. Binti alibaki na kitu kimoja tu cha kumwongoza, simu ya mteja, na simu ya mteja haiwezi kuwa risiti ya muuzaji. Leo ilikosea sifuri. Kesho inaweza kuonyesha meseji iliyotungwa na mtu mwenye nia mbaya, na kwa macho zote mbili zinafanana.

Tulichofanya ni kuihamisha ile laini kwenye kitochi kinachokaa mezani siku nzima. Shangazi alisita kwanza: "Mwanangu, nimwachie mtoto wa watu pesa zangu zote?" Ni hofu ya haki, na jibu lake ni kwamba kupokea meseji hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri inahitajika kutoa au kuhamisha pesa, na hiyo anaijua yeye peke yake. Kila jioni anahamisha mauzo kwenda kwenye laini yake binafsi, hivyo hata kitochi kikiibwa hakina cha maana ndani. Laini pia tumeiwekea PIN yake, ili ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine isifunguke.

Kuna tatizo la pili ambalo kitochi hicho kinasaidia kulibaini. Mtu anaweza kubandika karatasi ya QR yake juu ya yako usiku, na wateja wakamlipa yeye asubuhi nzima. Dalili ni mteja kusema amelipa, jina la ajabu likiwa kwenye simu yake, na kitochi kimya. Sisi asubuhi kabla ya kupanga visado tunaskani bango letu wenyewe na kusoma jina linaloletwa na mtandao kabla ya hatua ya namba ya siri. Likiwa letu, tunafungua meza.

Kuhusu karatasi yenyewe sina mengi. Tone la mawese pembeni halina madhara, kwa sababu msimbo wa QR unabeba taarifa za ziada za kujirekebisha, hadi kufikia karibu asilimia 30 ukichapwa kwa kiwango cha juu kabisa. Lakini ile miraba mitatu ya kwenye kona ikifunikwa, kamera haijui hata ianzie wapi. Na chini ya mchoro andika Lipa Namba kwa tarakimu kubwa. Wateja wengi wa Mwanga wana vitochi, na wenye simu janja bando huisha. Hao wanalipa kwa menyu ya kupiga, isiyohitaji intaneti.

Siku hizi mteja akisema tayari, binti haangalii simu anayogeuziwa. Anasubiri kitochi kilie, anakisoma kwa sauti, "Elfu kumi na nane imeingia, ahsante mama," ndipo anafunga mfuko. Mtandao ukisumbua, mteja anasubiri kidogo kwenye benchi. Kuna waliokasirika mwanzoni. Mmoja wao, mwenye kibanda cha vitenge upande wa pili, alikuja baadaye kuuliza tulinunua wapi kile kitochi.