Tafaa'ala na infa'ala: kupima kwa -ana na -ika

"Nikisoma Juzuu Amma nakutana na tafaa'ala na infa'ala, na zote mbili naona hazina yambwa. Nitajuaje ipi ni ya kutendana na ipi ni ya kujitenda au kutendwa?"

Walimu wengi wa sarfu watakujibu: hifadhi wazani, shika kamusi, Kiswahili kiache mlangoni. Hoja yao ina uzito. Anayekariri kwamba tafaa'ala ni "-ana" atafika kwenye *tabaaraka* mwanzoni mwa Surat Mulk akwame, maana hapo hakuna wa kubarikiana naye. Atakwama pia kwenye *tamaaradha*, yaani alijifanya mgonjwa. Tafaa'ala, yaani wazani ya sita, ina kazi zaidi ya moja, na hilo halikanushiki.

Lakini kumnyima Mswahili viambishi vyake ni kumpokonya kipimo ambacho wanafunzi wengi wa Kiarabu hawana. Sisi tunatofautisha pigana, vunjika na vunjwa tangu utotoni, bila kufundishwa. Kinachokosekana ni swali moja la kuuliza kabla ya kubandika kiambishi: kitendo hiki kinawezekana kwa mtenda mmoja peke yake?

Tazama Surat Mutaffifin, aya ya 30 na 31, zinazofuatana. Kwanza wakosefu wanapopita karibu na waumini, *yataghaamazuuna*. Kisha wanaporudi kwa watu wao, *inqalabuu*. Vitendo vyote viwili ni vya "wao", na hakuna chenye yambwa. Ndipo mwanafunzi anapochanganyikiwa, kwa sababu wingi wa watenda haumwambii kitu. Sasa mpunguze mtenda abaki mmoja. Mtu mmoja hawezi kukonyezana; lazima awepo wa pili anayekonyeza na kukonyezwa. Hiyo ni kutendana, na -ana inakaa bila kulazimishwa. Kurudi nyumbani, mmoja anaweza. Na si dhana: Surat Inshiqaq, aya ya 9, ina kitendo hichohicho kwa mtu mmoja, *yanqalibu*, anarudi kwa watu wake akiwa na furaha. Amejigeuza mwenyewe, hakugeuzana na yeyote.

Kipimo hicho kinaitatua *tabaaraka* pia. Mtenda ni mmoja, basi kutendana kumetoka, na hapo ndipo kamusi inapohitajika. Yaani Kiswahili hakikudanganyi. Kinakuonyesha mahali pa kusimama na kuuliza.

Tahadhari moja: hesabu watenda wenyewe, usiangalie umbo la kitendo. Kiarabu kikitanguliza kitendo, hukiacha katika umoja hata watenda wakiwa wengi. Katika sura hiyohiyo ya Mutaffifin, aya ya 26, *falyatanaafasi* ni umoja, lakini wanaofuata ni *al-mutanaafisuuna*, washindani wengi. Wanashindana. Wala usitegemee sana kukosekana kwa yambwa, kwa kuwa tafaa'ala huweza kubaki na kitu kinachopita kati ya watu: Surat Tur, aya ya 23, watu wa Peponi wanapokezana kikombe, na kikombe ni yambwa. Infa'ala haichukui yambwa kabisa.

Upande wa infa'ala, yaani wazani ya saba, Kiswahili kinasaidia zaidi ya wanavyokubali wapinzani wake. Soma aya nne za mwanzo za Surat Infitar. Mbingu *infatarat*: imepasuka. Bahari *fujjirat*: zimepasuliwa. Makaburi *bu'thirat*: yamefukuliwa. Mbili za mwisho ni kutendwa kwenyewe, na -wa inaacha nafasi ya mtenda nyuma ya pazia. *Infatarat* inatueleza hali iliyoipata mbingu, bila kumgusa mtenda. Ndiyo tofauti ya *kusira* na *inkasara*: kioo kilivunjwa, kioo kilivunjika. Hatusemi "kilivunjika na Juma", na Kiarabu fasaha nacho hakimtaji Juma baada ya *inkasara*. Anayefasiri kila infa'ala kwa -wa anaipoteza tofauti ambayo lugha yake mwenyewe inaitunza. Penye mtu anayejiamulia, kama *in'azala*, tumia ji-: alijitenga. Zipo chache ambazo Kiswahili kinataka -wa, kama *inhazama*, jeshi lilishindwa. Hizo ni za kuzoea.

Mahali ambapo walimu wa wazani wana haki kamili ni aya ya pili ya sura hiyo: nyota *intatharat*, zimepukutika. Sikioni ni pacha wa *infatarat*, na -ika inazitosha zote mbili, kwa hiyo kipimo changu hapa kiko kimya. Lazima utoe mzizi. Katika *infatarat* mzizi ni f-t-r, na nuni imeongezwa mbele. Katika *intatharat* mzizi ni n-th-r. Nuni ni yake ya asili, na kilichoongezwa ni ta baada yake. Hiyo ni ifta'ala, wazani ya nane. Mzizi unaoanza na nuni kwa kawaida hauingii infa'ala, na hivyo hivyo unaoanza na ra, lamu, mimu au wau: *rafa'a* hutoa *irtafa'a*, *naqala* hutoa *intaqala*. Ukiona "inta-" mwanzoni, ondoa ta kwanza uone kama herufi tatu zinabaki pamoja na nuni. Zikibaki tatu zenye maana, hauko wazani ya saba.