Mwenzako akishusha bei mtandaoni, msambazaji akujibu nini?

"Tulikubaliana blenda hii isiuzwe chini ya shilingi 3,200. Mwenzangu anaiuza mtandaoni 2,750. Mkatieni mzigo, la sivyo nami naacha kununua kwenu."

Mwenye duka huyu wa Nakuru ana hoja. Analipa kodi ya duka, anamwashia mteja mashine aone inavyosaga, na ikiharibika inarudishwa kwake. Mteja hujaribu kwake kisha akaagiza kwa simu kule kwa bei nafuu. Ndiyo maana wasambazaji hupenda kuweka bei ya chini kabisa.

Lakini msambazaji anayekataa kumkatia mwingine mzigo huonekana hajali, na hapo anaonewa. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 21, inakataza kumwekea muuzaji bei ya chini ya kuuzia. Adhabu inafika shilingi milioni 10, kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Makubaliano anayoyadai mwenye duka ndiyo yenyewe kosa. Msambazaji akijibu kwa WhatsApp, "Tulia, nitamrekebisha," ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akimkatia mzigo baada ya lalamiko hilo, ameongeza mwingine.

Anaruhusiwa kupendekeza bei, mradi amwambie muuzaji wazi kwamba haimfungi. Ikiwa bei imechapwa kwenye boksi, pembeni yake lazima ielezwe kuwa ni ya kupendekezwa tu.

Hata hiyo 2,750 inafaa kupigiwa hesabu. Tuseme blenda hutoka kwa msambazaji kwa 2,400, na jukwaa la mtandaoni linakata asilimia 10. Shilingi 275 zikitoka, muuzaji anabaki na 2,475. Faida ni 75, hata hajalipia kufungasha. Nani anahangaikia shilingi 75? Huenda jukwaa lenyewe ndilo linalogharamia punguzo, na muuzaji analipwa bei yake kamili. Huenda anamaliza mzigo uliokaa. Au blenda hiyo haikutoka kwa msambazaji huyu kabisa. Hili la mwisho ndilo la kuchunguza: anunue moja, asome namba iliyo chini ya mashine, ailinganishe na daftari la mizigo iliyotoka ghalani. Ikiwa haimo, lalamiko limegeuka kuwa la bidhaa bandia au ya magendo, na hapo ana haki ya kuchukua hatua.

Ikiwa imo, jibu langu lingekuwa hivi: "Asante kwa taarifa. Kila muuzaji anajipangia bei, nawe pia. Sitajadili nawe biashara ya mteja mwingine. Ninachoweza ni kukupa blenda moja ya maonyesho bure, na mashine mbovu zilizo ndani ya waranti nizichukue mimi."

Nafuu hiyo itolewe kwa kila duka linaloonyesha mashine, kisha mstari wa 3,200 ufutwe kwenye mkataba. Mwenye duka anaweza kuondoka hata hivyo. Faida yake kwa kila blenda ilikuwa shilingi 800, na maonyesho ya bure hayazirudishi zote.