Kisahani cha rangi kwenye picha: kupima pembe au kuzungusha na kuhesabu?

"Nimepewa picha ya kisahani chenye rangi nne zisizolingana, mshale katikati. Nataka kujua nyekundu itatoka mara ngapi nikizungusha mara 240. Nipime pembe kwenye picha, au nitengeneze kisahani nizungushe nihesabu?"

Wanaotetea kipimapembe wana hoja nzito. Mshale ukiwa huru, uwezekano wa rangi ni pembe yake ugawe kwa 360, basi. Tuseme nyekundu ina nyuzi 90, bluu 150, kijani 72 na njano 48. Nyekundu ni 90/360, yaani 0.25, na katika mizunguko 240 tunatarajia 60. Bluu tunatarajia 100, kijani 48, njano 32. Idadi ya rangi haituambii kitu: kuwa nne hakufanyi kila moja iwe robo. Rangi ikijitokeza sehemu mbili, jumlisha pembe zake kwanza.

Shida ni kwamba picha haikupigwa kutoka juu moja kwa moja. Simu ikiinamishwa, duara hugeuka duaradufu na pembe zote huvurugika. Chukua rula upime: kama upana ni sentimita 10 na kimo ni 8, usiweke kipimapembe kwanza. Kipande chekundu kikiwa juu katikati, zile nyuzi 90 zitasomeka karibu 103. Kikiwa ubavuni, zitasomeka karibu 77. Kwa hiyo nyekundu ileile itakupa matarajio ya 69 au 51 badala ya 60, kutegemea tu mpiga picha alisimama wapi. Kibaya zaidi, pembe zote nne bado zitafika 360, na wengi huona jumla hiyo wakadhani wamepima sawasawa.

Dawa yake ni kurudisha duara. Chora mstari wa upana kupita katikati, kisha kila umbali wa kwenda juu au chini ya mstari huo uzidishe kwa 10/8, yaani 1.25. Ukingo wa nyekundu ulioko sentimita 3.5 kando ya kitovu na 2.8 juu yake unakuwa 3.5 kwa 3.5. Huo ni nyuzi 45 kamili kutoka kwenye mstari, na ukingo wa upande wa pili vivyo hivyo. Katikati yao zinabaki 90. Asiyetaka kuchora upya anaweza kunakili picha kwenye karatasi ya grafu na kuhesabu miraba, kwa sababu mnyweo huo hubana vipande vyote kwa kiwango kimoja na robo ya eneo hubaki robo. Njia zote mbili zinataka picha iliyopigwa kwa mbali kiasi. Simu ikiwa karibu mno, upande wa mbele huvimba kuliko wa nyuma, na hapo hakuna kuzidisha kutakakoinyoosha.

Wanaotetea kuzungusha nao wana lao, na ni la kweli: picha haisemi kama kisahani ni cha haki. Cha darasani mara nyingi ni klipu ya karatasi inayozungushwa kwenye ncha ya penseli. Klipu ni nzito upande mmoja, kwa hiyo meza ikiinama kidogo tu, ncha yake hupenda kusimama upande wa chini. Geuza karatasi nusu duara, uzungushe tena. Rangi inayopendelewa ikibadilika lakini upande wa meza ukabaki uleule, mkosaji ni meza. Rangi ikibaki ileile, kagua tundu la katikati na karatasi iliyojikunja.

Ila kuhesabu ni polepole kuliko watu wanavyofikiri. Kwa mizunguko 240 na uwezekano wa 0.25, mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha 240 × 0.25 × 0.75, karibu 6.7. Mara nyingi, takriban 95 kwa kila 100, hutapita mbali na 60 zaidi ya mara mbili ya mtawanyiko huo, yaani utapata kati ya 47 na 73. Ukipata 68, huwezi kusema 60 ilikuwa kosa, wala kwamba ile 103 ya picha iliyoinama ilikuwa sahihi. Kipimapembe kikikosea nyuzi 2, kosa lake ni 2/360 tu. Kufikia uhakika huo kwa kuzungusha kunataka mizunguko kama 24,300.

Kwa hiyo kwa swali hili mimi nasimama na kipimo, baada ya picha kunyooshwa: jibu ni 60. Mizunguko 240 niifanye kisahani kikiwa mezani na nikikitilia shaka. Nikipata 85 sirudi kwenye kipimapembe, naanza kukagua meza.