Picha ya Jumamosi ukiiposti Jumatatu, uliza tena

Wapo watu ukiwaambia omba ruhusa kabla hujaposti picha ya grupu wanakujibu "kama hutaki kupostiwa si usikae kwenye picha". Na mimi nilikuwa hivyohivyo, mpaka hii ya Igombe.

Tulienda Jumamosi, watu saba wa ofisini, tukachangishana, tukachoma sato wawili wakubwa kule ufukweni tukapiga na picha. Iliyotoka vizuri jamaa yetu mmoja yuko katikati, kashika kichwa cha samaki anacheka mpaka macho yamefumba, ziwa lote liko nyuma yake. Mwenyewe aliiona palepale kwenye simu yangu akasema nitumie na mie. Kwa hiyo ruhusa nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo.

Jumapili usiku baba yake mdogo akafariki kule Magu. Mi sikujua, alimpigia bosi tu akaondoka alfajiri. Jumatatu jioni niko zangu nyumbani Buzuruga nasafisha simu nikaikuta ile picha nikaitupia stetasi, nikaandika "Maisha ndo haya". Basi. Haikupita saa nzima mke wake akanipigia, anaongea kwa sauti ya chini kabisa nasikia watu wanaimba nyuma yake, "Shemeji, naomba uifute hiyo picha, hapa tuko msibani."

Nikafuta hapohapo, lakini ilishaonwa na watu mia na kitu. Sasa mtajiuliza ukoo wa Magu uliionaje, maana stetasi ya WhatsApp wanaiona wale tu mliosevu namba pande zote mbili. Binamu yake ni fundi friji, alinitengenezeaga friji mwaka juzi, namba zetu tukabaki nazo. Kapiga skrinshoti katupa kwenye grupu la ukoo. Na kufuta stetasi hakufuti skrinshoti iliyoko kwenye simu ya mtu.

Kilichomponza jamaa sio picha, ni saa. Stetasi inaonyesha saa uliyoposti, haionyeshi lini picha ilipigwa, hivyo ile skrinshoti juu yake imeandikwa leo, saa moja na nusu jioni, na huyu bwana alikuwa ametoka nje ya kilio muda uleule kwenda kutafuta turubai. Shangazi yake akaelewa alivyoelewa, kwamba kijana kakimbia matanga ya baba yake kaenda kula samaki ziwani.

Ikabidi nisaidie kumsafisha. Kuituma upya picha peke yake hakusaidii, maana WhatsApp ukituma picha kawaida ile tarehe ya ndani inaondoka. Nilifungua galari, nikaivuta picha juu yakatokea maelezo yake, Jumamosi saa nane mchana, nikaipiga skrinshoti nikamtumia, na picha yenyewe nikaituma kama dokumenti maana hiyo njia inaenda na tarehe yake. Akamwonyesha shangazi mbele ya wazee. Yakaisha, ila fikiria mtu mzima uko msibani unajitetea kwa skrinshoti.

Sheria zipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, lakini nani atamshtaki mwenzake wa meza ya pili kisa sato.

Mi siku hizi nauliza siku ya kuposti, sio siku ya kupiga. Nafungua kigrupu cha waliomo kwenye picha tu, natupia picha yenyewe naandika "hii naiweka stetasi leo jioni, kuna mwenye neno?" Nasema inaenda wapi kwa sababu kuna mtu stetasi yangu hana shida nayo ila Facebook kuna watu anawakwepa. Anayekaa kimya sihesabu kama kakubali, namfuata inboksi, hasa vijana wapya kazini, maana mbele ya bosi nani atasema mimi sitaki? Na tukiwa bado hukohuko napiga mbili, moja ya wote ya kumbukumbu, ya pili asiyetaka kupostiwa anatoka pembeni. Kumkata mtu baadaye ni kazi, unamkata unabakiza mkono wake begani kwa mwenzie, na ukimfunika uso kwa emoji ndo umeharibu kabisa, watu wote inboksi "huyo uliyemficha ni nani?"

Ijumaa tulikuwa na bethdei ofisini. Kwenye kigrupu wanne wamejibu poa, mmoja tiki za bluu zipo tangu juzi na hajasema kitu. Picha bado iko kwenye simu.