Kalsiamu sifuri kwenye mishipa ya moyo: statini isubiri?

"Nina miaka 54, naishi Tabata. Sivuti sigara, sina kisukari, presha naimezea dawa, LDL, yaani kolesteroli mbaya, ni 3.7. Nilikadiriwa hatari ya asilimia 9 ya kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. CT ya moyo imeonyesha kalsiamu sifuri. Kwa nini bado nimeze statini, dawa ya kushusha kolesteroli?"

Kwa hali hiyo, ndugu yangu, unaweza kusubiri. Mwongozo wa Marekani wa 2018 unaruhusu hivyo kwa watu wa hatari ya kati, yaani asilimia 7.5 hadi 20, wanaosita kuanza dawa. Sifuri kwa kawaida huishusha hatari chini ya asilimia 5, na hapo faida ya kidonge huwa ndogo.

Namba ya kalsiamu hupatikana hivi: kidoa cheupe kwenye picha kikiwa na eneo la milimita za mraba 5 na ukolezi wa 250, eneo huzidishwa kwa 2 kulingana na ukolezi huo, linatoa 10, kisha vidoa vyote hujumlishwa. Ungepata 40, katika umri wako ningeelekea kwenye statini. Ungepata 100 au zaidi, ningekuandikia siku hiyohiyo.

Lakini CT hii huona mafuta yaliyokwisha kukomaa na kushika chokaa tu. Yaliyo laini haiyaoni, na hayo pia hupasuka na kuziba mshipa. Ndiyo maana sifuri haimtoshi mvutaji, mwenye kisukari, wala ambaye baba yake alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55. Mwenye maumivu ya kifua naye asiitegemee, aende hospitali.

Kwa anayeishi na VVU nasisitiza zaidi. Utafiti wa REPRIEVE wa 2023, uliojumuisha Uganda na Afrika Kusini, ulionyesha pitavastatini ikipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa takribani theluthi moja, hata kwa watu wenye hatari ndogo hadi ya kati. Sifuri isimnyime dawa hiyo. Ila aliye kwenye ARV amwambie daktari, maana baadhi hugongana na statini.

Wapo madaktari wanaouliza kwa nini mgonjwa alipe CT wakati atovastatini inapatikana kwa bei nafuu Kariakoo. Wana hoja. Aliye tayari kumeza, au mwenye LDL ya 4.9 na kuendelea, au aliyewahi kupata kiharusi cha mshipa kuziba, kipimo hakitabadilisha uamuzi. Pesa hiyo inunue dawa. Faida ya kipimo naiona kwa mtu kama wewe, ambaye bila namba hiyo angebaki njiapanda.

Ukisubiri, endelea na dawa ya presha, na hatari ikadiriwe upya baada ya miaka 5. Ukija kuanza statini, usirudie CT kuangalia kama inafanya kazi: statini hufanya mafuta laini yakomae na kushika chokaa, hivyo namba inaweza kupanda ilhali dawa inakusaidia. Pima LDL baada ya wiki 4 hadi 12.